Picha ya mashine ya presha imeingia kwenye simu yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huku nyanda za juu kusini, mara nyingi mashine ya presha iko kijijini na anayeombwa kuisoma yuko mjini. Mzazi yuko Njombe, Tukuyu au Kilolo. Mtoto yuko Mbeya, Iringa au Dar es Salaam. Mashine ilitumwa kwa basi, na sasa inaingia picha kwenye simu: kioo cha kijivu, namba tatu, vialama vidogo pembeni, na chini yake swali, "Mwanangu, hii ikoje?"

Majibu haya ni ya anayepokea picha hiyo. Yanahusu mashine za kujipimia nyumbani zenye mkanda unaofungwa mkono wa juu na kujijaza hewa zenyewe. Kabla hujaamua kama namba ni nzuri au mbaya, hakikisha kwanza kwamba ni kipimo, ni cha mtu huyo, ni cha leo, na kilichukuliwa inavyotakiwa. Vialama vidogo ambavyo wengi huviruka ndivyo vinavyokujibu hayo.

Namba tatu kubwa ni za nini?

Namba ya juu kabisa, iliyoandikwa SYS, ni presha ndani ya mishipa pale moyo unapojikamua na kusukuma damu. Ya katikati, DIA, ni presha moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Ya chini, iliyoandikwa PUL au PULSE, si presha hata kidogo. Ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika, na kwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Kwa hiyo kioo chenye 128, 79 na 72 kinasomwa "128 kwa 79, mapigo 72". Watu wengi huitazama ile 72 ya chini wakadhani presha ya mzee imeshuka. Soma maandishi ya pembeni kabla ya kusoma namba.

Nimetumiwa picha yenye namba moja tu, 187. Nikimbie hospitali?

Hapana. Uwezekano mkubwa ni kwamba picha ilipigwa mashine ikiwa bado inafanya kazi. Mkanda unapojaa hewa, kioo huonyesha presha ya hewa iliyomo ndani ya mkanda, ikipanda hadi juu ya presha ya mtu na kisha kushuka taratibu. Wakati huo huonekana namba moja inayobadilika, na mara nyingi kialama cha moyo kinachowaka na kuzimika, au mshale. Kipimo kinakuwa kimekamilika pale namba zote tatu zinapotulia kwa pamoja na mkanda ukiwa umelegea.

Kuna picha nyingine mbili za namna hii. Ya kwanza ni 888 kila mahali, na vialama vyote vimewaka kwa mpigo. Baadhi ya mashine hufanya hivyo kwa muda mfupi zinapowashwa, na picha hiyo ukiipata itunze: inakuonyesha kama kuna kijistari chochote cha namba kilichokufa kwenye kioo. Ya pili ni 0 peke yake. Hapo mashine inaonyesha kwamba imetoa hewa yote na iko tayari kuanza.

Herufi M iliyo pembeni ya namba ni ya nini?

Ni kumbukumbu. Mtu amebonyeza kitufe cha kumbukumbu, na unachokiona ni kipimo cha zamani: cha jana, cha wiki iliyopita, au cha jirani aliyekuja kujipimia. Ukiona AVG, au herufi A yenye mstari juu, hizo namba ni wastani wa vipimo kadhaa, mara nyingi vitatu vya mwisho. Mashine nyingine huonyesha M hata kipimo kinapotoka tu, kumaanisha kwamba kimehifadhiwa, kwa hiyo M peke yake haitoshi. Itazame pamoja na tarehe na saa.

Angalia pia picha ya mtu yenye namba 1 au 2. Mashine nyingi zina nafasi za watumiaji wawili. Baba akipima kwenye nafasi ya mama, kumbukumbu zinachanganyika, na ule wastani unakuwa wa watu wawili ambao si wa yeyote kati yao.

Saa kwenye picha inasema 12:10. Amepima usiku wa manane?

Pengine, ila kuna sababu mbili zinazotokea zaidi. Baadhi ya wazee huweka saa ya mashine kwa hesabu yetu ya Kiswahili, kwa hiyo 12:10 kwake ni asubuhi. Nyingine ni betri: zikitolewa na kurudishwa, mashine nyingi husahau saa na tarehe, zikaanza upya 1/1. Ukiona mwezi wa kwanza wakati sisi tuko mwezi wa saba, usitegemee tarehe yoyote iliyomo humo. Tena tarehe nyingi huanza na mwezi kisha siku, hivyo 7/4 inaweza kuwa tarehe nne mwezi wa saba. Muulize tu, "Mama, umepima saa ngapi?"

Nawezaje kuwa na uhakika kwamba ninaisoma namba sawasawa?

Namba za vioo hivi huundwa kwa vijistari saba. Kijistari kimoja kikififia, 8 inageuka 6, 9 au 0, na 7 inageuka 1. Kioo cha namna hii kikipigwa picha kutoka pembeni, vijistari hufifia hata kama mashine ni mpya. Mwanga wa kamera nao huacha doa jeupe katikati ya namba. Mwambie anayepiga azime mwanga huo, aishike simu juu ya kioo moja kwa moja, kioo chote kionekane pamoja na maandishi ya pembeni, na apige mapema kwa sababu mashine hujizima yenyewe baada ya muda mfupi.

Picha iliyopinduka juu chini ni hatari kuliko picha iliyofifia, kwa sababu inasomeka. Kwenye namba za vijistari, 0, 2, 5 na 8 zikipinduliwa zinabaki zilivyo, na 6 inakuwa 9. Tafuta maandishi SYS. Yakiwa yamesimama vizuri, na wewe uko salama.

Kagua pia kwa akili. SYS lazima iwe kubwa kuliko DIA, na kwa watu wengi tofauti yake ni kama 30 hadi 60. Ukisoma 136 kwa 126, kuna namba uliyoisoma vibaya au kipimo kilichoharibika. Omba kirudiwe.

Namba zina nukta: 19.5 na 11.8. Ndiyo presha ya namna gani?

Mashine imewekwa kwenye kizio kingine. Tafuta kPa kwenye kioo, mahali ambapo kwa kawaida pangeandikwa mmHg. Zidisha kwa 7.5: 19.5 inakuwa kama 146, na 11.8 inakuwa kama 88 au 89. Yaani 146 kwa 88. Kikaratasi cha mashine kitaonyesha kitufe cha kurudisha mmHg, na ni vizuri kufanya hivyo, maana zahanati watakuandikia mmHg.

Kuna moyo, na kuna moyo wenye kistari cha mawimbi. Tofauti ni nini?

Moyo wa kawaida unaowaka na kuzima wakati wa kupima unaonyesha tu kwamba mashine inayasikia mapigo. Hauna tatizo.

Moyo wenye kistari cha mawimbi, au uliozungukwa na vijimstari, ukibaki kwenye kioo baada ya kipimo, maana yake mashine imeona mapigo yasiyokwenda kwa mpangilio sawa. Kila kampuni ina kanuni yake ya kuuwasha. Usisome kama jina la ugonjwa. Kuongea, kukohoa, kusogeza mkono na kutetemeka kwa baridi vinaweza kuuwasha, na asubuhi za Juni na Julai huku kwetu kutetemeka si jambo geni. Mwambie atulie, ajifunike vizuri mwili mwingine, apime tena. Ukitokea mara moja ukapotea, andika tu kwenye daftari. Ukirudi siku baada ya siku, aende kituo cha afya au hospitali akapimwe umeme wa moyo, kwa sababu kuna mapigo yasiyo na mpangilio yanayoweza kusababisha kiharusi na yana dawa zake. Akiwa na kizunguzungu kikali, maumivu ya kifua au kuzimia, asisubiri kuhesabu siku.

Alama hiyo inakwambia jambo jingine pia: hata namba za presha za kipimo hicho si za kuaminika sana. Mashine hizi hazisikilizi sauti kama muuguzi mwenye chombo masikioni. Zinapima mtikisiko mdogo wa hewa ndani ya mkanda kila moyo unapopiga, kisha zinakokotoa SYS na DIA kwa fomula ya mtengenezaji. Mapigo yakiyumba, hesabu nayo inayumba. Chukua vipimo vitatu na kupata wastani wake.

Vialama vingine vidogo je?

Mkanda wenye alama ya vema au OK unasema umefungwa vizuri. Wenye alama ya mshangao, haujafungwa sawasawa. Picha ya mtu au mkono wenye mistari ya kutikisika inasema alisogea. Betri ni betri. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu.

Kama kioo kimeandika E, Er, E1 au E3, hapo hakuna presha ya kusomwa. Namba za makosa hutofautiana baina ya kampuni, kwa hiyo usikopi maana kutoka mashine ya jirani. Jedwali lake liko kwenye kurasa za mwisho za kikaratasi. Kwa kawaida utakuta moja kati ya haya: mpira wa hewa haujachomekwa hadi mwisho, mkanda umelegea, mtu alisogea au kuongea, au betri zimechoka.

Pembeni kuna rangi ya kijani, njano na nyekundu. Mshale uko kwenye njano.

Ni ngazi zilizopangwa na mtengenezaji, nyingi zikifuata mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani. Kijani kwa kawaida huishia kwenye presha iliyo chini ya 140 kwa 90, ingawa baadhi hugeuka mapema zaidi. Mashine hutazama namba zote mbili na kuchagua ile iliyo mbaya zaidi, ndiyo maana 132 kwa 96 inaweza kuonyesha njano wakati 132 peke yake ingekuwa kijani.

Ila rangi hizo zimepangwa kwa viwango vya kliniki. Mtu akiwa nyumbani ametulia, presha yake huwa chini kidogo kuliko akiwa mbele ya mhudumu, hivyo kwa wastani wa vipimo vya nyumbani mpaka unaotumika sana ni 135 kwa 85, ilhali kliniki ni 140 kwa 90. Mtu anaweza kubaki kwenye kijani wiki nzima na wastani wa 137 kwa 87, na bado anahitaji kuonana na daktari.

Nipe mfano wa picha moja, tuifuate hadi mwisho.

Tuseme picha imetoka Njombe, mwezi wa saba. Kioo kinasema SYS 162, DIA 97, PULSE 84. Juu ni 7/4 na 6:10. Kuna mtu mwenye namba 1 na alama ya mkanda yenye OK. Hakuna moyo wa mawimbi. Mshale uko kwenye rangi ya chungwa.

Kipimo kimekamilika, ni cha nafasi ya kwanza ambayo ni ya mama, mkanda umefungwa, mapigo yako sawa. Namba ni kubwa. Kabla ya kusema lolote, mtoto anapiga simu.

"Shikamoo mama. Ulipima kabla au baada ya kutoka nje?"

"Marahaba mwanangu. Nilitoka kuwasha moto, nikakaa, nikapima."

"Ulivaa sweta?"

"Nililikunja tu mkono. Baridi hii nitalivuaje?"

Hapo yamepatikana mambo matatu. Alitoka kwenye baridi, na baridi hukaza mishipa ya damu na kupandisha presha. Hakupumzika. Na mkono wa sweta uliokunjwa ulikuwa umebana juu ya mkanda, jambo linaloharibu kipimo. Mtoto anamwomba aende chooni kwanza, maana kibofu kilichojaa nacho hupandisha namba, kisha akae ndani kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunja nne, mkono mmoja utolewe kwenye sweta na uwekwe mezani usawa wa moyo, mabegani ajifunike kanga au blanketi. Atulie dakika tano bila kuongea. Apime, asubiri dakika moja, apime tena.

Zinakuja picha mbili: 151 kwa 91, kisha 147 kwa 90. Wastani ni 149 kwa 90 na ushei. Ile 162 haikuwa uongo, ilikuwa presha ya mama aliyetoka kwenye baridi, lakini si namba ya kumpangia dawa.

Bado 149 ni kubwa, kwa hiyo wanaendelea siku saba, asubuhi vipimo viwili na jioni viwili, vyote kwenye daftari. Asubuhi anapima kabla ya chai, na kama anameza dawa za presha, kabla ya kuzimeza. Siku ya kwanza wanaiacha nje ya hesabu, kwa sababu mara nyingi ndiyo ya wasiwasi. Wastani wa kila siku katika sita zilizobaki ni 146 kwa 88, 143 kwa 87, 148 kwa 90, 141 kwa 86, 144 kwa 88 na 142 kwa 86. Ukijumlisha za juu unapata 864, gawanya kwa sita ni 144. Za chini ni 525, gawanya kwa sita ni 87 na nusu. Wastani wa wiki: 144 kwa 88.

Huo uko juu ya 135 kwa 85. Si wa kukimbizana usiku, lakini mama anatakiwa aende kliniki na daftari lake. Angeenda na picha ya kwanza pekee, angeonekana mgonjwa zaidi ya alivyo. Na kama wangeridhika kwamba "ilikuwa baridi tu", presha ya kweli ingepita bila kuonekana.

Kikaratasi kinasema 10 hadi 40 °C na 800 hadi 1060 hPa. Hiyo hPa ndiyo presha ya damu?

Hapana, ni presha ya hewa ya mahali mashine inapotumika, na kwetu sisi ni mstari wa kusomwa kwa makini. Kadiri unavyopanda mlimani hewa inapungua uzito, na hPa zinashuka. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa iko karibu na 830 hPa. Iringa mjini ni zaidi kidogo. Njombe inakaribia 800. Ukifika uwanda wa Kitulo, wenye mita kama 2,600, umeshashuka chini ya 760.

Mashine ambayo kikaratasi chake kinaishia 800 hPa, kwa hiyo, mtengenezaji haihakikishii kazi yake Kitulo na sehemu za juu za Makete. Haina maana kwamba itadanganya. Inapowashwa hutoa hewa yote kwenye mkanda na kuichukua hewa ya mahali hapo kama sifuri yake, kisha inapima kinachozidi hapo. Ila ahadi ya usahihi imeishia kwenye namba iliyoandikwa. Kama unamnunulia mtu wa maeneo hayo, omba kukiona kikaratasi dukani na utafute mashine iliyoandikwa 700 hPa, inayotosha hadi karibu mita 3,000. Kama tayari ameshanunua, alinganishe na mashine ya zahanati ya kwao.

Mpaka wa joto unavukwa mara nyingi zaidi. Nyuzi 10 ni nyingi kwa chumba cha Makete alfajiri ya mwezi wa saba. Mashine iliyolala dirishani au stoo inaweza kuwa chini ya hapo, na betri hulegea kwenye baridi. Itunzwe chumba cha kulala, na kama imetoka mahali pa baridi kali ipewe muda wa kutosha, saa moja au mbili, ipate joto la chumba kabla ya kutumika. Tafadhali usimwambie mzee afunge mlango na kuingiza jiko la mkaa ili apime presha kwenye joto. Moshi usioonekana wa mkaa huua. Apime baadaye kidogo, jua likishapasha nyumba, mradi iwe saa ileile kila siku.

Kimeandikwa pia ±3 mmHg. Basi kipimo kikitofautiana kwa 10, mashine ni mbovu?

Hapana. Namba hiyo inahusu jinsi mashine inavyoisoma presha ya hewa ndani ya mkanda ikijaribiwa kiwandani. Presha ya mtu yenyewe hupanda na kushuka dakika hadi dakika kwa zaidi ya hapo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, unaongeza kama 7 au 8 bila mashine kuwa na kosa lolote. Ukiuinua juu ya moyo, unapunguza vilevile.

22–32 cm ni urefu wa mkanda?

Ni mzunguko wa mkono unaofaa kwa mkanda huo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya bega na kiwiko. Mwenye mkono wa sentimita 36 akitumia mkanda wa 22–32, SYS inaweza kuzidi ukweli kwa 10 na zaidi, na mtu akaanzishiwa dawa kwa sababu ya kitambaa. Mkanda mkubwa mno unafanya kinyume, unaficha presha. Ipo mikanda ya 22–42 na ya 32–42, lakini iwe ya kampuni na aina ileile ya mashine, kwa sababu fomula iliyomo ndani imepangwa kwa mkanda wake.

Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita mbili hivi juu ya mkunjo wa kiwiko, mpira wa hewa ukishuka upande wa ndani wa mkono. Vidole viwili viweze kupenya chini yake.

Na michoro mingine kwenye kikaratasi?

Mtu ndani ya mraba anahusu kinga ya umeme ya sehemu inayogusa mwili. Mraba ndani ya mraba nao ni kinga ya umeme. Kitabu kilichofunguliwa: soma maelekezo. Mwavuli: isilowe. Kiwanda kidogo chenye mwaka: tarehe ya kutengenezwa. SN ni namba ya mashine yako, LOT ni ya kundi lililotengenezwa pamoja. Pipa lililokatwa: usiitupe na takataka za nyumbani. Hakuna hata mmoja unaohusu afya ya anayepimwa.

Namba zipi zinataka haraka?

SYS ikiwa 180 na kuendelea, au DIA 120 na kuendelea. Kama ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea, maneno hayatoki sawa, macho yameingia giza, au amechanganyikiwa, atafutiwe usafiri hapohapo. Usisubiri picha ya pili. Dalili hizo ni za hospitali hata kama mashine inaonyesha namba ndogo. Kama hana dalili yoyote, akae dakika tano, apime tena. Ikirudi vilevile, aonane na mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Asiongeze vidonge kwa kukisia, wala asimeze vya jirani. Kuishusha presha ghafla nako kunaweza kumdhuru.

Chini ya 90 kwa 60 kuna watu wanaoishi nayo bila shida. Ikija na kizunguzungu, kuzimia, kutapika sana au kutokwa damu, aende hospitali.

Mjamzito anaweza kutumia mashine hii?

Soma kikaratasi: nyingi zimeandikwa kwamba hazijathibitishwa kwa wajawazito. Kwa hiyo namba nzuri ya nyumbani isimzuie kwenda kliniki. Namba mbaya nayo isipuuzwe. 140 kwa 90 au zaidi, aende kituo cha afya siku hiyo. Ikifika 160 kwa 110, au akiwa na kichwa kinachouma sana, kuona vimulimuli, maumivu chini ya chembe ya moyo au uso kuvimba ghafla, aende hospitali mara moja.

Ya nyumbani na ya zahanati hazikubaliani. Niamini ipi?

Mwambie abebe mashine yake siku ya kliniki. Akae atulie, apimwe kwa ya zahanati, asubiri dakika moja, ajipime kwa yake, kisha warudie tena, mkono uleule na mkao uleule. Tofauti ndogo ya namba chache ni ya kawaida. Ikiwa yake inazidi au kupungua kwa 10 na zaidi kila mara, anza na mkanda: saizi, ufungaji, na kama mpira umetoboka. Vikaratasi vingi hushauri mashine ikaguliwe kila baada ya miaka miwili.

Mara ya kwanza apimwe mikono yote miwili. Mmoja ukiwa juu zaidi, huo ndio utumike siku zote, na uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na majina ya dawa anazomeza, ili anayepokea picha na anayemtibu wawe wanazungumzia mkono mmoja.